Nimehama kabla ya kodi ya miezi 6 kuisha, mwenye nyumba anasema hela hairudi. Naombeni ushauri

Mpangaji_Mhamaji
Habari za muda huu wanajamvi. Nililipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza hadi mwisho wa mwezi wa sita. Mwezi uliopita nikapata uhamisho wa kikazi, ikabidi nihame. Nimempigia mwenye nyumba anirudishie kodi ya miezi ambayo sitakaa, kanijibu kwa kifupi tu, "Kodi ikishalipwa hairudi." Hela yenyewe nilikopa. Nifanyeje niipate? Usiku silali.

Bwana_Haki
Hiyo ni haki yako, mkuu. Siku ambazo hujakaa ni zako, sheria iko hivyo dunia nzima. Mshtaki tu, atalipa na usumbufu juu.

Mama_Wawili
Pole mwaya. Mimi nililipa mwaka mzima, mwezi wa tatu ukuta ukaanza kuvuja, nikahama na wanangu mvua ikinyesha. Sikuambulia kitu. Tangu siku hiyo silipi zaidi ya miezi mitatu, hata dalali apige magoti.

Karani_wa_Mikataba
Mleta uzi, kabla hatujafika mbali nijibu matatu. Mkataba unasemaje kuhusu kuuvunja mapema? Ulitoa notisi kwa maandishi? Na ufunguo yuko nao nani?

Mpangaji_Mhamaji
Mkataba unasema upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja. Kuhusu kodi iliyokwisha kulipwa haujasema chochote. Notisi nilimpa kwa simu.

Karani_wa_Mikataba
Na ufunguo?

Mpangaji_Mhamaji
Ufunguo ninao. Nimeacha kitanda na kabati ndani, nikafunga na kufuli langu. Sitampa mpaka anirudishie hela yangu. Nikiuachia nitamdai kwa kutumia nini? Naona hapo nimefanya la maana, msinilaumu.

Karani_wa_Mikataba
Sikulaumu, ila nakuambia ukweli. Kufuli hilo ndilo linalokuumiza. Maadamu ufunguo uko kwako na kitanda chako kiko ndani, mwenye nyumba atasema bado unakaa, na mtu anayekaa hana cha kurudishiwa. Na zaidi ya hapo, hawezi kumwingiza mpangaji mwingine, wakati kodi ya huyo mpangaji mpya ndiyo njia rahisi ya wewe kurudishiwa. Unamkaba yeye, hela inayoliwa kila siku ni yako.

Bwana_Haki, samahani, si dunia nzima. Kuna nchi zinazomtaka mwenye nyumba ajitahidi kupata mpangaji mwingine ili hasara ipungue, na kuna zisizomlazimisha. Mkataba kukaa kimya nako si lazima kuwe upande wa mpangaji. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Marks and Spencer dhidi ya BNP Paribas. Mpangaji alikuwa amelipa kodi ya robo mwaka mbele, kisha akauvunja mkataba kihalali katikati ya robo hiyo. Akadai kodi ya siku zilizobaki, akashindwa, kwa sababu mkataba haukusema kwamba itarudi. Ilikuwa ofisi, si chumba cha kulala, lakini mawakili wa nchi zilizorithi sheria za Kiingereza huitaja. Ndiyo maana nasema usikimbilie mahakamani na mkataba uliokaa kimya. Tafuta makubaliano yaliyoandikwa.

Bwana_Haki
Sawa mkuu, ila kama amempangisha mtu mwingine miezi ileile, si anakula mara mbili?

Karani_wa_Mikataba
Hapo umegonga penyewe, hoja hiyo ina nguvu sana. Lakini atampangishaje mtu chumba chenye kufuli la mwenzake?

Kaka_Mkubwa
Vijana mnapenda kulipa hela nyingi kwa mbwembwe halafu mnalia. Siku ya kusaini ndiyo siku ya kuuliza, siku ya kuhama umeshachelewa.

Mpangaji_Mhamaji
Kaka, sikuwa na la kuchagua, alikataa kupokea chini ya miezi 6. Karani, nikimpa ufunguo halafu akaninyima hela je?

Karani_wa_Mikataba
Usimkabidhi ufunguo mkavu. Mkabidhi pamoja na karatasi mtakayosaini wote wawili siku hiyohiyo. Iandike tarehe mkataba unapoisha, kwamba chumba kimekabidhiwa kitupu, namba ya mita ya umeme inavyosomeka, kodi ya kuanzia tarehe ipi itarudishwa, kiasi gani na lini. Amana, kama ulitoa, iandikwe mstari wake peke yake. Wengi huichanganya na kodi, kisha rangi iliyochubuka ukutani inakatwa kwenye hela ya kodi. Kabla ya kutoka piga picha kila ukuta.

Notisi iandike leo. Uko tarehe 5 mwezi wa nne, mwezi mmoja unaishia tarehe 5 mwezi wa tano. Unachoweza kuomba ni siku 26 za mwezi wa tano na mwezi wa sita mzima. Ulihama tarehe ngapi?

Mpangaji_Mhamaji
Tarehe 20 mwezi wa pili.

Karani_wa_Mikataba
Ungeandika siku hiyo, ungekuwa unazungumzia siku 11 za mwezi wa tatu na miezi mitatu kamili. Kutoandika kumekugharimu siku 46.

Jicho_Pevu
Wakuu, ngojeni kwanza. Uzi umeanza na "mwezi uliopita". Mwezi uliopita ni wa tatu, sasa anasema mwezi wa pili. Mtu amekopa hela, hana usingizi, halafu hajui tarehe aliyohama? Hii ni chai. Pengine ni mwenye nyumba anayetaka kujua wapangaji watamjia vipi.

Mama_Wawili
Hata mimi nilishtuka pale kwenye kitanda. Nani anahama akaacha kitanda?

Mpangaji_Mhamaji
Si chai. Nilihamia kituo kipya tarehe 20 mwezi wa pili. Mwezi wa tatu nilirudi mara tatu kwa shughuli zangu, nikalala palepale. Mara ya mwisho ilikuwa mwisho wa mwezi, ndiyo maana nikaandika mwezi uliopita. Sikutaka kulisema hilo kwa sababu nilijua mtaniambia nilikuwa bado natumia chumba.

Jicho_Pevu
Na ndivyo ilivyokuwa. Majirani wamekuona. Bado sijashawishika sana, ila endelea.

Karani_wa_Mikataba
Chai au si chai, wanaofungua uzi huu wako wenye shida hiyohiyo. Mleta uzi, ya mwezi wa tatu yaache, usiyadai. Ukidai siku ulizolala mle, atakukana hata zile za haki. Mtafutie mpangaji wewe mwenyewe, umpeleke kwa mwenye nyumba amkubali yeye. Usimwingize kimyakimya ukachukua kodi yake, utakuwa umevunja mkataba wewe.

Mpangaji_Mhamaji
Kuna mwenzangu kazini anatafuta chumba, nilikuwa nimeshamwahidi ufunguo. Basi nimempigia mwenye nyumba sasa hivi. Kasema mtu huyo akilipa, atanirudishia mwezi wa sita tu, zile siku 26 hapana. Kesho asubuhi naenda kutoa kitanda.

Karani_wa_Mikataba
Kama mwenzako ataingia na kulipa kuanzia tarehe 6 mwezi wa tano, siku hizo 26 zitalipwa mara mbili. Mwambie hilo kwa utulivu kabla ya kusaini. Akigoma, amua mwenyewe kama mwezi mmoja ulioandikwa unakutosha.

Mama_Wawili
Karani, na amana yangu ya ule ukuta uliovuja, miaka miwili sasa, bado naweza kuidai?