Kubadili lugha ya sauti: king'amuzi cha dishi, boksi la Android au flashi?

ChikongolaMjini
Wakuu habari za jioni. Korosho zimelipwa, nataka kumnunulia mama kitu cha kuangalizia filamu hapa Mtwara. Yeye anataka Kiswahili, wajukuu wanataka Kiingereza, na TV ni moja. Nachagua kati ya king'amuzi cha dishi, boksi la Android la kuunganisha na intaneti, au tuendelee na flashi. Kipi kinabadili lugha bila usumbufu? Nawasilisha.

Fundi_Masasi
Mleta mada, umeficha mambo ya msingi. TV ni aina gani na ya mwaka gani? Sauti inatoka kwenye TV yenyewe au kwenye sabufa? Intaneti ni bando la simu au ya kudumu? Bila hayo tutakupigia ramli.

KilwaMasoko77
Dishi tu, usizunguke. Rimoti ina kitufe cha AUDIO, unabonyeza, lugha inabadilika. Watu wanapenda kujitesa na maboksi.

Fundi_Masasi
Mzee wa Kilwa, kitufe hakizai lugha. Kinakuonyesha traki ambazo mrushaji ameziweka tu. Tamthilia ikiwa imeshaingizwa sauti ya Kiswahili studio na ikarushwa na traki moja, utabonyeza mpaka betri ziishe.

Kabla hujalipia kifurushi, nenda dukani, mwambie muuzaji afungue chaneli unayoitaka, ubonyeze AUDIO. Ukiona mstari mmoja tu, biashara imeisha. Ukiona miwili, tuseme `eng` na `swa`, hiyo ndiyo unayoitafuta. Jaribu kwenye kipindi chenyewe mama anachokipenda, maana chaneli moja inaweza kuwa na traki mbili kwenye filamu ya usiku na moja kwenye taarifa ya habari.

Ukikuta `eng` mara mbili usishangae. Mara nyingi ya pili ni ya wasioona: kuna mtu anasimulia kila kinachotokea, "anafungua mlango, anakaa". Watu hudhani king'amuzi kimeharibika.

BintiNachingwea
Na ile inayoandika Left, Right na Stereo?

Fundi_Masasi
Hiyo ni mbinu ya zamani, ipo bado kwenye chaneli za bure. Traki ni moja, ila lugha moja imewekwa upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia. Ukiacha kwenye Stereo unasikia zote mbili kwa pamoja, kama uko soko la samaki Feri. Chagua Left au Right, lugha moja inabaki.

Hapa sabufa inaleta mkanganyiko wake. Kama umechomeka waya mweupe peke yake, au mwekundu peke yake, utasikia lugha moja tu hata menyu ikiwa kwenye Stereo. Mtu anaanza kulaumu dishi, kumbe waya mmoja haujachomekwa. Chomeka zote mbili kwanza, ndipo uhukumu.

Mtama_Boy
Wakuu mimi nina muvi za DJ zilizotafsiriwa. Nabonyeza wapi ili sauti ya DJ itoke nibaki na Kiingereza?

KilwaMasoko77
Hahaha, huyo DJ ndiyo utamu wenyewe, unamtoaje?

Fundi_Masasi
Hutoi, Mtama. DJ alichanganya sauti yake juu ya ile ya filamu, zikawa traki moja. Ni kama chai iliyokwisha tiwa maziwa. Tafuta nakala ya filamu ambayo haijapita kwa DJ.

Korosho_GradeOne
Mimi nasema boksi na Netflix. Unapozima Kiingereza unawasha kingine pale pale kwenye skrini. Tatizo bando: ukitumia lugha mbili data inakwenda mara mbili.

Fundi_Masasi
Nusu umepata. Unapotazama moja kwa moja, boksi linavuta traki moja tu, ile uliyochagua. Kinachokula bando ni picha: kwa Netflix ubora wa kawaida ni hadi GB 1 kwa saa, HD hadi GB 3. Lugha haibadilishi hesabu hiyo kwa kiasi cha kukukosesha usingizi.

Shida iko kwenye kupakua. Filamu iliyopakuliwa hubeba lugha chache tu, si zote unazoziona ukiwa mtandaoni. Kwa hiyo weka lugha za profaili kwanza, kisha ndiyo upakue. Ukishakata bando huwezi kuongeza lugha. Na asidanganywe mtu na menyu: Netflix inaweza kusomeka yote kwa Kiswahili huku filamu yenyewe haina sauti ya Kiswahili. Fungua ukurasa wa filamu, soma orodha ya sauti kabla ya kulipa.

BintiNachingwea
Kwa hiyo kwa mama, maktaba ya Kiswahili kule ni ndogo. Bora flashi.

Fundi_Masasi
Flashi inafaa, ila ina ugonjwa wake. Kuna faili la MKV limeletwa kwenye benchi, lina traki mbili: ya kwanza Kiingereza cha DTS, ya pili Kiswahili cha AAC. Likichomekwa kwenye TV picha inacheza, sauti hakuna, TV inaandika kwamba sauti haikubaliki. Mwenye TV akajua spika zimekufa. Ukibadili traki, Kiswahili kinasikika safi. Maana yake spika ni nzima, TV haina uwezo wa kusoma DTS, na TV nyingi za kawaida ziko hivyo.

Dawa ni kugeuza sauti kwenye kompyuta bila kugusa picha, na kuiweka ya Kiswahili ianze:

```
ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v -map 0:a:1 -map 0:a:0 \
 -c:v copy -c:a aac -ac 2 -b:a 192k \
 -disposition:a:0 default -disposition:a:1 0 mpya.mkv
```

Hesabu inaanza sifuri, kwa hiyo `0:a:1` ni traki ya pili. Watu wengi hukosea hapo, wakaishia na Kiingereza mbele. Kabla ya kugeuza, fungua faili kwenye VLC ya kompyuta ubonyeze herufi B. Kila ukibonyeza inaruka traki inayofuata, utajua ipi ni ipi.

Korosho_GradeOne
Boksi lina VLC, halina haja ya yote hayo. Lenyewe linasoma DTS.

Fundi_Masasi
Kweli, mradi mpangilio wa sauti wa boksi uwe PCM. Likiwa linapeleka sauti ghafi kwenda TV, unarudi pale pale kwenye ukimya.

ChikongolaMjini
Asanteni wakuu. TV ni inchi 32, sabufa ipo. Bando la simu.

Fundi_Masasi
Inchi si aina, mkuu. Soma kibandiko cha nyuma.

Kitaya_Mpakani
Samahani kuingilia. Huku mpakani king'amuzi kimeanza kuongea Kireno chenyewe tangu kilipowekwa upya. Kuna namna?

Fundi_Masasi
Baadhi ya chaneli za nje zina traki ya Kireno kwa ajili ya watazamaji wa Msumbiji na Angola. Ukirudisha mipangilio ya kiwandani, lugha ya sauti uliyoichagua inafutika. Ingia mipangilio ya lugha, weka ya kwanza Kiingereza na ya pili Kiswahili. Kubonyeza AUDIO tu hutatua chaneli hiyo moja, pengine hadi utakapoihama.

KilwaMasoko77
Kireno nacho kizuri, mpira wa Ulaya unanoga.

Kitaya_Mpakani
Mpira sawa, lakini katuni za watoto? Wameanza kuniambia "bom dia".

BintiNachingwea
😂 Chikongola, kibandiko bado?