Mtahini anataka wavuvi wangu waingie kwenye orodha ya marejeo!

Wakuu, nimechoka. Tasnifu yangu inahusu uvuvi wa nyavu Kilwa Kivinje. Mwongozo wa chuo unasema tuandike marejeo kwa mtindo wa APA, toleo la 7. Leo mtahini amerudisha kazi na wino mwekundu: "Mahojiano yote yaingie kwenye marejeo, kwa majina na tarehe."

Majina gani? Wazee wale nimewasainisha fomu ya ridhaa inayosema majina yao yatafichwa. Wengine wamenieleza habari za nyavu haramu. Leo niwaanike ukurasa wa mwisho, afisa yeyote awasome? Msimamizi naye ananiambia, "We fanya tu, upite." Upuuzi mtupu!

Pia nina barua pepe ya afisa uvuvi, na mahojiano ya redio yaliyopo YouTube. Vyote mtahini anavitia kapu moja.

Mwanakwetu: Rahisi hiyo. Ambacho hakijachapishwa hakiingii orodhani. Toa vyote, hata hiyo ya redio.

Bibi Maktaba: Hapana, mwanangu, usimpoteze mwenzio. Kinachoangaliwa ni kama msomaji anaweza kukifikia. Barua ya zamani iliyoko Nyaraka za Taifa haijachapishwa, lakini ina namba ya jalada, kwa hiyo inaingia. Ya redio inaingia pia, maana yeyote ataifungua na kusikiliza. Barua pepe iko kwenye simu yako peke yako, basi inabaki ndani ya matini: herufi ya kwanza ya jina, ubini, "mawasiliano binafsi", na tarehe kamili. Mwombe afisa ruhusa kwanza.

Wavuvi ni habari nyingine. Hao ni data yako, hata "mawasiliano binafsi" usiwaandikie. Eleza kwenye sura ya mbinu umewahoji akina nani na lini, kisha ukinukuu andika "Mhojiwa wa 4, mvuvi". Mtahini mjibu kwa maandishi, umwambatishie fomu ya ridhaa. Ukinyamaza atadhani umekaidi.

Kalamu Nyeusi: Mbona mimi nilimhoji mshairi nikamweka orodhani, na nikapita? Idara ya fasihi hiyo.

Bibi Maktaba: Mlitumia mtindo wa MLA bila shaka. Huko mahojiano na hata barua pepe huorodheshwa. Tena mshairi wako alikubali kutajwa. Huenda mtahini wa huyu kalelewa huko huko.

Mwanakwetu: Sawa, redio nimekubali. Ila mwongozo wa chuo ukisema tofauti na APA, mwongozo ndio unaoshinda.

Mwanzisha uzi: Nimeusoma wote, haugusi mahojiano kabisa! Bibi, shikamoo, na asante. Ila afisa uvuvi nilimhoji ana kwa ana kwanza, barua pepe ikaja baadaye kufafanua. Huyo ni mhojiwa au mawasiliano binafsi?

Bibi Maktaba: Marahaba. Hapo inategemea fomu aliyosaini inasemaje. Ilitaja barua pepe?

Mwanzisha uzi: Inasema "mazungumzo" tu.