Tupeane uzoefu: Hotuba ya kufungua harambee ya madarasa

Mwenyekiti Kilosa
Habari za humu ndugu zangu. Jumamosi ijayo kijiji chetu kina harambee ya madarasa mawili ya shule ya msingi, na mimi ndiye nafungua kabla ya mgeni rasmi. Darasa la tatu wako watoto 131 chumba kimoja, wakati kipimo ni 45. Boma limefika lenta, tunataka kupaua. Mtangulizi wangu aliongea dakika 40, mgeni rasmi anashika kipaza sauti viti vya nyuma viko tupu. Mliowahi kusimama mbele, nisaidieni.

Mama Neema
Mwenyekiti, nimekuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi miaka sita. Harambee ya kwanza tulitangaza tunahitaji milioni tisa. Mama wa genge mwenye elfu kumi kwenye kanga akisikia milioni tisa, anaona yake haifiki popote, anarudi nayo nyumbani.

Mara ya pili mwenyekiti wetu alianza na hesabu ya nyuma: "Mlitoa mifuko 140 ya saruji. Tofali zimekula 62, msingi, kuta na lenta 75, mitatu iko stoo, kakague anayetaka." Kisha akainua bati. "Paa la vyumba viwili linakula bati 96. Hili geji 28, dukani shilingi 30,000. Mbili tumenunua mimi na mke wangu, 12 wamenunua walimu. Zimebaki 82." Akanyamaza. Mzee mmoja akasimama akasema anaweza bati moja na nusu. Kijana wa bodaboda akadaka ile nusu iliyobaki. Kuanzia hapo karani aliomba msaidizi wa kuandika.

Hotuba nzima haikufika dakika nane. Jioni tulikuwa na fedha taslimu za bati 41 na ahadi 30. Kwenye ahadi zilikuja 17 tu, kwa hiyo mabati 24 tuliyahangaikia hadi mavuno. Ningekuwa wewe, ningesema wazi kwamba tunaanza na aliyenazo mkononi, ahadi baadaye.

Pwani Moja
Angalia usijiingize matatani. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 michango ya shule imepigwa marufuku.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu Pwani Moja, kilichokatazwa ni kumlazimisha mzazi, na kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Wananchi wakikubaliana kwa hiari kwenye mkutano wa kijiji, na muhtasari ukaandikwa, hilo halina tatizo. Ila mwalimu asishike fedha. Mwenyekiti, litamke mwanzoni kabisa: "Hakuna mtoto atakayeulizwa mzazi wake alitoa nini." Mwaka fulani sikulisema, na wiki iliyofuata kuna mama alimficha mwanawe ndani siku tatu akidhani atafukuzwa. Bado naumia nikikumbuka.

Jirani wa Kisumu
Hamjambo. Mimi ninaandaa harambee ya karo ya kijana wangu chuoni. Hii ya kuinua bati itanifaa?

Mama Neema
Baba, ya karo ni ya jamaa na marafiki, haina mkutano wa kijiji. Lakini gawa vilevile: muhula mmoja, kodi ya chumba, nauli. Mtu achague kipande chake.

Fundi Juma
Mimi nauliza la boma. Mhandisi wa halmashauri alilikagua? Kwetu mwenyekiti alifungua harambee kwa kusema "sisi tufike lenta, serikali itamalizia." Watu wakashangilia na wakatoa. Mhandisi alipokuja akakuta lenta ina nondo mbili badala ya nne, na msingi hakuna aliyeuona ukichimbwa. Halikuingizwa kwenye bajeti. Mvua mbili zimelinyeshea, tofali za juu zimeanza kumomonyoka, na ukiita harambee leo hasogei mtu. Usiahidi fedha ambayo hujaona barua yake.

Mwenyekiti Kilosa
Msingi alikagua na alisaini, lenta bado. Kesho asubuhi naenda halmashauri. Nashukuru sana. Nimeanza kuandika hivi:

"Wazazi wangu, ndugu zangu. Jana niliingia darasa la tatu. Mtoto wa mwisho anaandikia mgongoni mwa mwenzake, maana dawati hana. Hatoulizwa mtoto yeyote mzazi wake alitoa nini. Nianze na mlichokwisha kutoa, kila mfuko ulipokwenda."

Swali moja limebaki: majina ya walioahidi yasomwe pale pale, au yabandikwe ubaoni ofisini?

Mwalimu Mstaafu
Yasomwe, watu hukumbuka walichotamka hadharani.

Mama Neema
Mimi nakataa. Tuliyasoma, na waliokwama walianza kukwepa hata mikutano ya maji. Ubaoni, na mjumbe apite nyumbani taratibu.