Mzee tumbo limefura, hatoi hata hewa, na ameanza kutapika. Tusubiri asubuhi?

MwanaWaLuanda:
Wadau, nahitaji mawazo ya haraka. Mimi niko kazini Nakuru, mzee wangu yuko nyumbani Luanda, Vihiga. Ana miaka kama 68. Tangu juzi hajaenda choo. Jana tumbo lilianza kufura, na leo vifungo vya shati havifungiki. Maumivu yanamkunja, yanaachilia kidogo, yanarudi. Jioni hii ameanza kutapika: kwanza ilikuwa chai, sasa ni maji ya kijani. Mama alimpa mafuta ya mbarika akayatapika pia. Ndugu yangu amerudi kutoka kwa kemisti na tembe za kulainisha choo na anachemsha mwarubaini. Mzee mwenyewe anasema ni gesi, kukicha itakuwa imeisha, kwa sababu mwaka jana ilimshika hivi hivi ikaisha yenyewe. Mnasemaje?

PapaiLaKisumu:
Pole sana. Wazee wetu hawanywi maji, ndiyo shida. Baba yangu alikuwa anafunga choo mpaka tukaanza kumpa papai na maji mengi asubuhi, na sasa yuko sawa. Mpe maji ya vuguvugu kidogo kidogo usiku huu.

SistaWaUpasuaji:
Papai ni nzuri kwa mtu aliyefunga choo tu. Huyu simpi hata kijiko cha maji. MwanaWaLuanda, piga simu nyumbani uulize mambo haya: mara ya mwisho kutoa hewa kwa nyuma ilikuwa lini? Amewahi kupasuliwa tumbo? Na mtu amwangalie kwenye kinena, chini kabisa, kama kuna uvimbe mgumu unaouma.

MwanaWaLuanda:
Mama anasema hewa haijatoka tangu jana asubuhi. Hajawahi kupasuliwa. Kinena hakina kitu. Lakini leo asubuhi alitoa kinyesi kidogo, kama kidole. Si hiyo inaonyesha njia iko wazi?

SistaWaUpasuaji:
Haionyeshi. Kinyesi kilichokuwa tayari chini ya mahali palipozibwa kinaweza kutoka hata baada ya njia kufunga. Hicho kidogo kimewapotosha watu wengi wakalala nyumbani. Aliyefunga choo kwa kawaida bado anajamba, hata kama tumbo ni zito. Hewa ikikataa kutoka, tumbo likafura na mtu akatapika, hilo ni la hospitali usiku huu huu.

Nimefanya kazi wadi ya upasuaji upande huu wa magharibi miaka mingi, na mwanaume wa umri huo akija na tumbo kubwa hivyo, la kwanza tunalowaza ni utumbo mkubwa wa upande wa chini kushoto kujisokota. Kwa watu wengine sehemu hiyo ni ndefu na imelegea, basi siku moja inajizungusha kama mpira wa kumwagilia shamba unapokunjika. Hewa na kinyesi haviendi mbele wala nyuma, na sehemu hiyo inafura. Wakati mwingine hujikunjua yenyewe, hewa nyingi ikatoka, mtu akasema gesi imeisha. Ile ya mwaka jana huenda ilikuwa hiyo hiyo.

Hatari si kinyesi chenyewe. Ukijisokota sana, mishipa ya damu inabanwa na utumbo unaanza kufa. Maumivu yakiacha kuja na kuondoka yakawa ya kudumu, tumbo likawa halishikiki, joto likapanda au moyo ukaanza kupiga mbio, jua hali imefika pabaya. Msisubiri dalili hizo. Nazitaja ili mkiziona njiani mseme mara tu mfikapo mlangoni.

Mwambie ndugu yako aweke tembe na mwarubaini kando. Dawa ya kuharisha inaufanya utumbo usukume kwa nguvu pale pale palipofungwa, na wala msimwingize maji ya sabuni kwa nyuma. Mdomo ukikauka, mlowesheni midomo tu kwa kitambaa.

BodaMzee:
Nimpeleke zahanati karibu na stendi? Wana dripu.

SistaWaUpasuaji:
Dripu itamsaidia, kwa sababu maji mengi ya mwili yamekwama ndani ya utumbo na mengine ameyatapika. Lakini dripu haikunjui utumbo. Atafutiwe hospitali yenye eksirei, chumba cha upasuaji na daktari mpasuaji aliye zamu usiku huu. Pigeni simu kwanza Mbale. Kama hayupo, nendeni Kisumu moja kwa moja. Asipande boda. Tafuteni gari, alale ubavu, asije akatapika na kuvuta matapishi kwenye mapafu.

MwanaWaLuanda:
Jirani ametoa Probox. Shida nyingine, mzee hajamaliza kulipia bima ya SHA. Watamkataa?

WakiliWaKijiji:
Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mlangoni tumieni neno hilo hilo, "dharura". Bili itakuja baadaye, msijidanganye, lakini hawana ruhusa ya kumrudisha kwa sababu ya pesa.

MamaWawili:
Mimi nilipatwa na hii miaka mingi baada ya kujifungua kwa upasuaji. Kovu la ndani lilinata na kukunja utumbo mdogo. Kwangu kutapika kulianza mapema, tumbo halikuwa kubwa hivyo. Niliwekewa mrija puani na dripu, nikakaa bila kula, kikaachia bila kisu.
Swali langu: mtoto wangu wa miaka 4 hajaenda choo siku tatu, lakini anakula, anacheza na anajamba. Nikimbie pia?

SistaWaUpasuaji:
Anayekula, kucheza na kujamba hana dalili za kuzibwa. Mpeleke kliniki mchana aangaliwe. Akianza kutapika kijani au tumbo likafura, basi usingoje mchana.

MwanaWaLuanda (asubuhi iliyofuata):
Tulifika usiku. Eksirei ilionyesha utumbo umefura sana, na daktari akasema ni kujisokota. Walimwekea dripu, mrija puani na mwingine wa mkojo, wakapima damu. Kwa kuwa hakuwa na dalili za utumbo kufa, waliingiza kifaa kirefu kwa nyuma hadi palipofunga. Mama anasema hewa na uharo vilitoka kwa kishindo, na tumbo likashuka wakitazama. Wameacha mpira ndani kwa sasa.
Tatizo jipya: daktari anataka amkate hiyo sehemu kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Mzee anauliza kwa nini apasuliwe na ameshapona. Anaogopa ule mfuko wa choo wa tumboni.

SistaWaUpasuaji:
Ule mpira umekunjua tu, sehemu ndefu bado ipo, na kwa wengi inajisokota tena. Kuhusu mfuko, uwezekano wake ni mkubwa zaidi mtu akipasuliwa kwa dharura utumbo ukiwa tayari umekufa. Akipasuliwa sasa, utumbo ukiwa mzima na ameandaliwa, mara nyingi wanaunga ncha mbili pale pale. Siwezi kuwaahidi, ataamua mpasuaji akishaona ndani. Moyo wake na presha pia vipimwe kwanza.

PapaiLaKisumu:
Na wakikataa kisu, si atakula mboga nyingi tu?

SistaWaUpasuaji:
Mboga hazifupishi utumbo. Akikataa, wote nyumbani wajue kwamba siku hewa ikikwama tena na tumbo likafura, anaenda Kisumu saa hiyo hiyo.

MwanaWaLuanda:
Natoka Nakuru leo nikaongee naye ana kwa ana. Kwenye simu ameniuliza tu nani atakamua ng'ombe akilazwa wiki nzima.