Tupeane uzoefu: kumwambia mteja advansi hairudi na bado akabaki mteja wako

Mama Cherehani, Moshi
Habari zenu wanajamvi. Nina ofisi ya ushonaji jirani na soko la Mbuyuni. Mteja wangu wa siku nyingi, mama mtu mzima, aliagiza magauni sita ya sare ya harusi, kila moja elfu 60, kitenge juu yangu. Akatanguliza nusu, 180,000. Ukatokea msiba kwao, harusi ikaahirishwa, akaomba hela yote. Binti wa mapokezi akaandaa jibu, nikamwambia asitume kwanza:

"Habari. Kama ulivyosoma kwenye risiti, advansi hairudishwi. Wewe ndiye umeghairi, sisi hatuhusiki. Asante."

Nikafungua daftari la oda. Risiti yetu inasema kitambaa kikishakatwa, advansi ya nguo hiyo hairudi. Manne yalishakatwa, mawili bado. Kwa hiyo kwa masharti yetu wenyewe, 60,000 ya yale mawili ni haki yake. Siku hiyo nikatuma pole peke yake, bila kugusa habari ya hela. Kesho yake nikaandika:

"Shikamoo mama. Nimepata ujumbe wako kuhusu advansi ya 180,000. Vitambaa vya magauni manne vilikatwa Jumanne, kabla taarifa yako haijatufikia. Utaratibu wetu ni kwamba kitambaa kikishakatwa advansi yake hairudi, kwa hiyo 120,000 sitaweza kuirudisha. Mawili hayajakatwa; 60,000 yake naituma leo kwa M-Pesa, kwenye namba hii hii. Yale manne nayahifadhi kwa jina lako miezi mitatu, tarehe mpya ikipatikana tunaendelea kwa bei ileile. Ukipendelea kuchukua vitambaa kama vilivyo, ni vyako."

"Wewe ndiye umeghairi" niliiondoa kabisa, maana aliyeghairi ni msiba. Siku ya kukata ndiyo iliyobeba jibu. Akajibu, "Asante mwanangu, nihifadhie." Nyie huwa mnaandikaje?

Keki za Njiro
Hongera dada. Mimi huanza na samahani, nikamalizia na samahani, katikati nasema "kwa sasa hatuwezi". Mtu akinyenyekewa hakasiriki.

Mzee wa Booking, Arusha
Kunyenyekea sawa, ila hiyo "kwa sasa" iondoe. Mteja anaelewa kwamba akirudi wiki ijayo atapata, na akirudi ukamkatalia tena ndipo mnapokosana. Samahani zikizidi nazo zinamfanya aone kama unajua umemdhulumu.

Sisi kwenye safari tunatenganisha hela kwa mafungu. Ada ya hifadhi tukishailipa TANAPA kwa kontroo namba haipo tena mikononi mwetu, kwa hiyo namtumia na uthibitisho wa malipo. Mteja akiona hela yake ilikwenda wapi na lini, sauti inashuka. Lakini ukimwambia imeshalipwa wakati hujalipa, akaomba uthibitisho, umekwisha.

Kijana wa Sakina
Mimi nilinunua simu mjini, siku ya pili haichaji. Wakanionyesha maandishi kwenye risiti, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Kwa hiyo na mimi nilitakiwa nikubali kwa sababu wameandika kwa heshima?

Mzee wa Booking, Arusha
Hapana mdogo wangu, hilo lako ni jambo lingine. Huyu mama alibadilishiwa mipango, magauni hayana kasoro. Wewe ulipewa kitu kibovu. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mnunuzi, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya namna hiyo. Tunza risiti, rudi dukani, eleza kasoro kwa maandishi.

Mama Cherehani, Moshi
Kweli kabisa. Hata kwangu, gauni likitoka limekosewa kipimo sileti habari ya risiti, nalirekebisha.

Bibi Harusi wa Pasua
Mimi ni mteja, niseme upande wetu. Niliwahi kukataliwa hela ya mapambo na mwenye kazi akanipigia simu kwanza, akanisikiliza mpaka mwisho, ndipo akatuma maandishi. Sikurudishiwa kitu na dada yangu nimempeleka kwake. Meseji peke yake ingeniuma.

Keki za Njiro
Simu naiogopa. Mtu akilia nakubali, halafu hela ya mayai na siagi nairudisha kutoka mfukoni.

Bibi Harusi wa Pasua
Basi andika kwanza, piga baadaye. Ila piga.

Fundi Suruali, Kiboriloni
Dada Cherehani, miezi mitatu ikiisha je? Mimi nina vipande vya mtu kwenye rafu tangu mwaka jana, nikimpigia anasema anakuja. Siwezi kuviuza, vimekatwa kwa mwili wake.

Mama Cherehani, Moshi
Hapo hata mimi sijaamua. Nafikiria nimkumbushe wiki mbili kabla, nimuulize kama nivipeleke kwake kwa boda. Kwa mteja nisiyemjua sijui kama ningeahidi hata hiyo miezi mitatu. Wengine mnafanyaje?