Bosi kasema "fupisha hii", nimekwama. Naomba ushauri

Msomi_wa_Usiku
Habari zenu wanajamvi. Nimeandika ripoti ya majaribio ya pampu ya maji, kurasa 12. Bosi kaisoma, kanirudishia na maneno matatu tu: "Fupisha hii tafadhali." Inatakiwa Jumatatu asubuhi na yeye yuko safarini. Nimeanza kukata, lakini kila nikikata naona bado ndefu, nikikata tena naona imebaki mifupa. Kuna kanuni ya kufupisha ripoti? Usingizi sipati.

Babu Kalamu
Vijana mnaandika kurasa 12 kwa jambo la kurasa 2, halafu mnatafuta kanuni. Sema ulichokiona, weka nukta.

MwalimuPembeni
Mkuu, kanuni ipo na ni ya darasani: ufupisho ni theluthi moja ya habari ya awali. Kurasa 12 zinakuwa 4. Toa mifano, toa marudio, bakiza hoja kuu. Usihangaike.

Mama Wawili
Theluthi hiyo ilinitia matatani. Nilipewa wasifu wa marehemu mjomba niupunguze usomeke msibani kwa dakika tatu. Nikatoa safari zake, vyeo vyake, na orodha ya watoto nikaandika "ameacha watoto na wajukuu". Nilidhani orodha ndiyo inayochosha. Wale watoto wa mke wa kwanza walikuwa wamekaa mbele wakisubiri majina yao. Hadi leo hatusalimiani vizuri. Dakika nilizijua, waliokaa pale niliwajua, ila hakuna aliyeniambia majina hayaguswi.

Mhariri Mkongwe
Mama Wawili kajibu bila kujua. Mwalimu, theluthi inafaa kwenye mtihani kwa sababu swali lenyewe linakupa idadi ya maneno na linakuambia ufupishe hoja zipi. Huyu hajapewa hata kimoja. Msomi, nijibu: nani atasoma hiyo ripoti baada ya bosi? Na inatakiwa iwe ndefu kiasi gani?

Msomi_wa_Usiku
Urefu hakusema. Msomaji nadhani ni yeye mwenyewe.

Mhariri Mkongwe
"Nadhani" hiyo ndiyo inayokunyima usingizi. Kama ni yeye, keshaisoma. Anataka fupi ya nini tena?

Msomi_wa_Usiku
Sawa. Kuna kikao cha kamati Jumatatu mchana, na hiyo kamati ndiyo itaamua pampu inunuliwe au la. Sikutaja kwa sababu niliuliza kuhusu kufupisha, sikuuliza kuhusu kikao. Na kazi nimeshaifanya nusu: nimefika ukurasa mmoja na nusu. Sehemu ya mapungufu nimeitoa yote, maana inachosha na pampu kwa jumla ni nzuri.

Mhariri Mkongwe
Tuwekee aya moja kama ilivyokuwa, na ulivyoifupisha.

Msomi_wa_Usiku
Ya awali: "Katika siku 30 za majaribio, pampu ilisukuma wastani wa lita 2,400 kwa saa. Ilisimama mara 3, zote baada ya mvua kubwa, mchanga ulipoziba chujio. Tangu tulipoanza kusafisha chujio kila wiki haikusimama tena."
Ya sasa: "Pampu ilifanya kazi vizuri katika kipindi cha majaribio na inapendekezwa."
Naona maana ni ileile.

Mhariri Mkongwe
Sivyo. Ya awali inasema pampu ni nzuri kwa sharti. Ya sasa inasema ni nzuri, basi. Kamati itanunua bila kupanga mtu wa kusafisha chujio, mvua ya kwanza pampu inasimama, na ripoti iliyowashauri ina jina lako.
Hiyo aya ningeifupisha hivi kwa kamati: "Pampu inafaa, mradi chujio lisafishwe kila wiki, bila hivyo husimama baada ya mvua kubwa." Fundi angepata nyingine: "Safisha chujio kila wiki, na likague kila baada ya mvua kubwa." Huyo hana haja ya kuambiwa inafaa, ameshakabidhiwa. Na anayepanga matangi ya kuhifadhi maji anazitaka zile lita 2,400 ambazo wote wawili wamezikosa. Zote fupi, zote za kweli, na ukimpa mmoja ya mwenzake umemnyima anachohitaji. Sasa bosi aliposema "fupisha" alikuwa na ipi kichwani?

Jicho Kavu
Wakuu, hii ni chai. Kurasa 12 za kawaida ni maneno kama 6,000. Nani anaandika maneno 6,000 ya pampu moja? Na bosi gani anamrudishia mtu ripoti ya uamuzi kwa maneno matatu? Huyu katunga apate wachangiaji.

Babu Kalamu
Hapo Jicho kasema. Hata mimi nilishangaa.

Msomi_wa_Usiku
Sijatunga. Ripoti ina maneno 4,100. Kurasa 4 kati ya hizo 12 ni majedwali ya vipimo vya kila siku.

Mhariri Mkongwe
Chai au si chai, swali la Jicho limetoa kitu. Kumbe theluthi nzima ya ripoti ni majedwali! Inawezekana bosi aliposema ndefu alikuwa anayalalamikia hayo. Ukiyahamishia kwenye kiambatisho, umeshuka hadi kurasa 8 bila kugusa sentensi hata moja.
Ndiyo maana urefu lazima utajwe. Kwa uzoefu wangu, kukaza sentensi peke yake kunatoa robo ya maneno, ikizidi sana. 4,100 zako zitafika kama 3,000 na kila hoja ikiwa bado ipo. Ukitakiwa 400, kukaza hakutakufikisha. Hapo unachagua kipi kife, na huwezi kuchagua kabla ya kujua anayesoma anaamua nini. Ni kazi mbili tofauti, na zote watu wanaziita kufupisha.

MwalimuPembeni
Nakubali kuhusu sharti la chujio. Ila bado nasema kuna bosi akiulizwa anaona hujui kazi. Wengine hutuma maneno matatu wakitaka wewe ndiye uamue.

Mhariri Mkongwe
Basi asiulizwe "nifupishe vipi". Apelekewe pendekezo la kukubali au kukataa: "Naandaa ukurasa mmoja wa kamati, maneno kama 400. Nabakiza pendekezo, sharti la chujio na wastani wa maji. Majedwali yanakwenda kwenye kiambatisho. Kuna kingine kisichopaswa kutoka?" Hilo analijibu akiwa njiani, kwa neno moja.

Msomi_wa_Usiku
Ila sehemu ya mapungufu ina mambo sita. Nikirudisha sharti la chujio, kwa nini nisirudishe yote?

Mhariri Mkongwe
Pima kila moja: kamati ikilijua, itaamua au itapanga tofauti? Chujio, ndiyo. Mengine matano sijayaona.

Msomi_wa_Usiku
Moja ni kelele za pampu usiku. Sijui kama litabadilisha kitu.

Mama Wawili
Kuna watu wanalala karibu nayo?

Msomi_wa_Usiku
Wapo.
Nimemtumia bosi lile pendekezo. Kajibu: "Ukurasa mmoja sawa. Ni kwa kamati." La kisichopaswa kutoka hakuligusa.

Jicho Kavu
Kama ni kweli, mwandikie tena umtajie chujio na kelele kwa majina, useme vinabaki asipokukataza. Akinyamaza, umebaki na maandishi.

MwalimuPembeni
Kelele kwenye ukurasa mmoja? Mimi ningeiacha kwenye kiambatisho.