Naomba ushauri: kuthibitisha kwamba uwiano wa Fibonachi una kikomo

Wadau, habari zenu. Nafundisha vijana wa mwaka wa kwanza chuoni hapa Kisumu. Tumegawanya kila namba ya Fibonachi kwa iliyoitangulia: 1, 2, 1.5, 1.667, 1.6, 1.625. Kwa kuwa F(n+1) = F(n) + F(n−1), uwiano unafuata r(n+1) = 1 + 1/r(n). Ukiita kikomo L, unapata L = 1 + 1/L, yaani L² = L + 1, na jibu chanya ni (1+√5)/2, takriban 1.618.

Binti mmoja wa nyuma akauliza: "Mwalimu, nani kasema hiyo L ipo?" Swali la haki kabisa. Chukua 1, 2, 4, 8, ambapo kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia. Kwa njia hiyohiyo L = 2L, basi L = 0, ilhali namba zinapaa tu!

Nimefikiria kupima pengo. Ukitoa L = 1 + 1/L kwenye kanuni ya juu:

r(n+1) − L = −(r(n) − L) / (r(n)·L)

Alama ya kutoa inaeleza kwa nini uwiano unaruka juu na chini ya L. Na kwa kuwa r(n) haipungui 1, kila hatua pengo linagawanywa kwa angalau 1.618, hivyo linaelekea sifuri.

Je, hii inatosha, au niwapitishe kwanza kwenye mifuatano miwili, mmoja unaopanda na mwingine unaoshuka? Nahofia itawachosha.